Mayai Yaliyotoka Shamba

Bi mkubwa wangu ameambiwa na shoga yake kwamba mayai ya kawaida yana dawa, na kwa hiyo jana nilitumwa, mtu mzima mwenye kanzu na kofia, nikanunue "yale ya boksi". Niliyakuta katika friji ya duka moja la mjini, sita kwa shilingi 4,800, ilhali Darajani yai moja nalipata kwa 400. Boksi lilichorwa jua linachomoza, na juu yake maneno ya Kizungu ambayo kwetu ni: ya kilimo hai, ya asili, mabichi kutoka shamba.

"Mwanangu," nilimwuliza kijana wa duka, "kwani yale mengine hutoka baharini?"

"Haya ya shamba hasa, mzee."

"Shamba gani?"

Aliligeuza boksi mara mbili. "Hawakuandika."

Nilimweleza kwa utulivu kwamba "ya asili" halimfungi mtu kitu, kwa kuwa hata kuku aliyezaliwa na kuzeekea kizimbani hutaga yai la asili. Neno lenye mwenyewe ni kilimo hai: Afrika Mashariki ina kiwango chake na alama yake ya Kilimohai tangu 2007, shamba hukaguliwa, na kuku hulishwa nafaka isiyotiwa mbolea wala dawa za viwandani, tena huachiwa atoke nje. Chakula hicho ni ghali, na chakula ndicho kinachommaliza mfugaji, kwa hiyo hapo bei kubwa ninaielewa. Lakini alama iwepo, na jina la aliyekagua liwepo.

Tuliitafuta alama, yeye kwa tochi ya simu, mimi kwa miwani, na watu nyuma yetu wakaanza kuguna.

"Hii hapa, mzee!"

"Huyo ni jogoo, mwanangu. Na jogoo hatagi!"

Alijitetea kwamba ganda ni la kahawia. Ganda hufuata kabila la kuku. Akasema kiini chake ni cha manjano kweli. Kiini hufuata alichokula, na mahindi ya manjano yanatosha kukikoleza. Mama mmoja akauliza kama ninanunua au ninasomesha, nikalipa.

Nyumbani niliyatia yote katika bakuli la maji. Matano yalilala chini, la sita likasimama wima kama askari wa lindo, maana yai likikaa siku nyingi hupoteza unyevu kupitia vitundu vya ganda, na hewa ikajaa upande wa butu. Si kwamba limeoza, ila ubichi wa kutoka shamba halina tena. La Darajani nililitia, likalala kimya.

Bi mkubwa alitazama, akasema labda ni maji. Leo ananituma chumvi ya kilimo hai. Chumvi! Kitu kisichopandwa wala kupaliliwa, ambacho Pemba wanakianika juani tu! Na kanzu nimeshaivaa.