Mama haulizi reti, anauliza ya kutolea

Mwishoni mwa Desemba 2024 mama alinipigia kutoka Wete, Pemba. Baada ya shikamoo na marahaba akanyamaza kidogo, nikajua lipo jambo. "Mwanangu, huko kazini kwema? Hawajakupunguza mshahara?"

Hakuna aliyenipunguza kitu. Nilikuwa nimetuma riali 50, zilezile ninazotuma tangu nianze kazi Maskati. Lakini mwezi wa Oktoba riali 50 zilimfikia laki tatu na arubaini na kitu, na safari hii zimefika laki tatu na vielfu vitatu hivi. Mama si mtu wa kudai. Alitaka tu kujua kama mwanawe ana shida.

Nilimweleza kwamba shilingi imepanda. Oktoba ile dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,700, na ilipofika Desemba ikawa imeshuka hadi karibu 2,400. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola kwa bei ileile tangu 1986, riali moja kwa dola 2.6008, haipandi wala haishuki dhidi yake. Kwa hiyo dola ikianguka mbele ya shilingi, riali inaanguka nayo. Tukizidisha kwa 2.6 tu, riali 50 zilikuwa na thamani ya shilingi 351,000 dola ilipokuwa 2,700, na 312,000 ilipokuwa 2,400. Shilingi 39,000 zimeyeyuka, na hakuna aliyeziiba.

Mama akaridhika. Mimi sikuridhika, maana nilipokuwa namfanyia hesabu hiyo kwenye kikaratasi niliona kitu kingine. Thamani ilikuwa 312,000, risiti yangu ikasema 303,500. Hizo 8,500 zilizobaki katikati hazikuhusiana na shilingi kupanda. Niliporudi kwenye risiti ya Oktoba nikakuta pengo la ukubwa uleule. Kumbe lilikuwepo siku zote, na risiti zote mbili zilikuwa na maneno makubwa: ada, sifuri.

Kwanza tuelewane tunazungumzia pesa gani. Sisi tunasema tu "kutuma nyumbani". Watu wa takwimu za uchumi wanaiweka kwenye fungu lake: pesa ambayo mtu anayeishi nchi nyingine anaipa familia yake bila kudai chochote. Si mkopo, si mtaji, haisubiri faida. Hata mshahara wa aliyekwenda nje kwa miezi michache wanauandika mstari mwingine, ingawa ukitazama hesabu za nchi mara nyingi utaikuta mistari hiyo miwili imejumlishwa. Nalitaja hili kwa sababu moja. Ukimlipa muuza mbao aliye nje, thamani ya mzigo imeandikwa kwenye ankara, na ikipungua atakwambia siku hiyohiyo. Pesa ya mama haina ankara. Anapokea kilichofika na kushukuru, kwa hiyo kilichopungua njiani hakina mtu wa kukidai.

Sasa hilo pengo. Duka la kubadilisha fedha haliuzi shilingi kwa bei linayonunulia. Riali na shilingi ya Tanzania hazina soko lao la moja kwa moja la maana; riali inageuzwa dola, kisha dola inageuzwa shilingi. Hatua ya kwanza haina hatari yoyote kwao kwa sababu bei imefungwa. Ya pili ndiyo yenye kazi. Kampuni inaweka shilingi zake tayari kwenye benki huko nyumbani ili mama apate ndani ya dakika chache, na shilingi hizo imezinunua jana au juzi. Bei ikigeuka, hasara ni yao. Juu ya hilo wana mawakala wa kulipa na kodi ya fremu Ruwi, mtaa wa hapa Maskati. Sioni dhambi wao kula faida. Ninachokataa ni kuificha ndani ya reti, yaani bei ya kubadilishia, halafu wakabandika kioo kizima tangazo la "tuma bure".

Kulipima pengo si kazi ngumu. Benki Kuu ya Tanzania hutoa bei za dola kila siku ya kazi, safu tatu: kununua, kuuza na wastani. Chukua ile ya wastani, zidisha kwa 2.6, umepata reti ya riali ambayo haina faida ya mtu ndani yake. Hutaipata dukani, wala usiende kugombana nayo. Ni kijiti cha kupimia tu. Ukiwa Dubai ni rahisi vilevile, dirham nayo imefungwa, 3.6725 kwa dola, hapo unagawanya badala ya kuzidisha. Aliye London au Oslo hana bahati hiyo, pesa yake inayumba na ya nyumbani inayumba.

Nichukue siku moja dola ikiwa 2,450. Kijiti kinasema riali ni shilingi 6,370. Mimi na rafiki yangu, dereva wa lori, mtu wa Tanga, tulikuwa tumebishana muda mrefu ni duka gani la nafuu kati ya mawili yanayotazamana mtaa mmoja. Duka langu halikuwa na ada, na reti yake ilikuwa 6,200. La kwake lilikuwa na ada ya riali moja kwa kila muamala, na reti 6,330. Yeye akisema mimi naibiwa, mimi nikisema yeye ndiye anayelipa riali nzima bure.

Tukaweka riali 50 mezani. Kwangu, 50 mara 6,200 ni 310,000. Kwake unatoa riali ya ada kwanza, zinabaki 49, mara 6,330 ni 310,170. Mia na sabini ndiyo tofauti! Ubishi wa mwaka mzima, na hata soda hainunuliki.

Basi tukabadilisha kiasi. Yeye hutuma riali 100 mwisho wa mwezi, mara moja. Dukani kwake mkewe anapata 626,670. Kwangu angepata 620,000. Mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi za ndani Sohar, hutuma riali 20 kila anapopata nafasi. Kwa duka la bure shilingi 124,000 zinafika, kwa duka la ada 120,270. Kwa hiyo dereva alikuwa sahihi kwa pesa zake, na dada sahihi kwa zake, na mimi nilikaa palepale njia zinapokatana, ambapo hakuna la kushinda. Ada ni ileile utume kidogo utume kingi, kwa hiyo inamuumiza mwenye kidogo. Pengo la reti linakwenda kwa kila riali, kwa hiyo linakua na kifurushi. Kwenye duka la bure mimi hukatwa shilingi 170 kwa riali, iwe moja au elfu. Anayetuma elfu ya kujengea amelipa 170,000 akidhani hajalipa kitu.

Wako wanaosema dawa ni kukwepa reti yote: mfungulie mama akaunti ya dola, tuma dola, abadilishe mwenyewe. Nimeijaribu mara moja. Pesa ilipita benki ya katikati nisiyoijua, ikakatwa, na mama alipokwenda dirishani akabadilishiwa kwa bei ya kununua. Watu wengi hapo huchanganyikiwa, kwa sababu wanasoma ubao kwa macho yao wakati ubao umeandikwa kwa macho ya benki. Mama anauza dola, ndiyo, lakini benki inanunua, na safu ya kununua ndiyo yenye namba ndogo. Pengo halikukimbiwa. Lilihamia Pemba tu, na mama akaongeza nauli ya kwenda benki. Kwa kiasi kikubwa labda inafaa. Kwa riali 50, ambazo ni dola 130, makato ya benki ya katikati peke yake yanaweza kula zaidi ya duka lolote la Ruwi.

Ningependa sheria isaidie. Marekani, tangu Oktoba 2013, anayepokea pesa yako kuituma nje analazimika kukuonesha kabla hujalipa: ada, reti, na kiasi atakachopokea mtu wako. Ni jambo jema, ila hata wao hawalazimishwi kuweka reti ya soko kando yake ili uone pengo. Na ndiyo namba muhimu. Malengo ya Umoja wa Mataifa ya 2030 yanataka gharama ya kutuma isizidi asilimia 3, na gharama hiyo inahesabiwa ada pamoja na pengo la reti. Kwa kipimo hicho duka langu la bure, na 170 zake kwenye 6,370, liko asilimia 2.7, chini ya mstari. Si majambazi basi. Dada yangu angekwenda duka la ada na riali zake 20, angekatwa asilimia 5.6. Lakini mbona waliofanya vizuri waogope kuiandika?

Mpaka waiandike, mimi nimeacha kuuliza "ada shilingi ngapi" na nimeacha kuuliza "reti leo ngapi". Swali langu kaunta ni moja: nikikupa riali 50 mkononi, zisizidi hata baisa, mama atapokea shilingi ngapi kwenye simu? Karani mwenye haraka hujibu kwa reti. Namrudishia swali. Anabonyeza, ananigeuzia skrini, na hiyo namba naipeleka duka la pili.

Mwezi uliopita nilifika mbali zaidi. Nilipiga picha skrini ile nikamtumia mama kabla sijalipa, nikamwandikia kwamba hiyo ndiyo itakayofika, ikipungua aniambie nirudi kwao. Nikasimama pembeni mwa foleni nikisubiri aone, watu wakinipita. Baada ya dakika kumi akajibu kwa sauti.

"Nimeiona, mwanangu. Na ya kutolea imo?"