Akiba ya sentensi: inapofaa na inapokwama

"Mwalimu, nimeanza kuandika daftarini sentensi nzima ninazozisikia sokoni na kazini, kisha ninazirudia kama zilivyo. Mwenzangu ninayejifunza naye Kiswahili anasema huko ni kukariri tu, bora nijenge sentensi mwenyewe kwa kanuni. Nani yuko sahihi?"

Daftari lina nguvu zaidi pale ambapo kanuni iliyoeleweka nusu humpotosha mgeni. Chukua mtu aliyesoma jedwali la njeo na kushika kwamba "-na-" ni ya wakati uliopo. Akikaribishwa kuongeza ubwabwa, naye anahisi shibe sasa hivi, atajibu "Ninashiba". Wenyeji husema "Nimeshiba, asante", kwa kuwa kwetu shibe ni hali iliyokwisha kufikiwa na mtu bado yumo ndani yake. Ndivyo ilivyo pia kwa "Nimechoka", "Nimesimama" na "Amevaa kanzu". Vivyo hivyo, aliyejifunza kukanusha kwa "-ku-" atasema "Sikula" wakati anataka kusema "Bado sijala", na mwenyeji wake ataelewa kwamba chakula kimempita. Aliyeisikia "Bado sijala" mezani na kuiandika siku hiyohiyo hahitaji kulipitia jedwali zima kabla ya kufungua kinywa. Kwa mambo ya namna hii, ninamuunga mkono mwenye daftari bila kusita.

Hata hivyo, Kiswahili hakikubali kila neno lichomolewe na jingine lipachikwe. Mwanafunzi wangu mmoja alimsikia mama sokoni akiuliza, "Nyanya hizi unauzaje?" Akaiandika. Kesho yake akauliza, "Ndizi hizi unauzaje?" na ikawa sawa, kwa sababu nyanya na ndizi ziko katika ngeli moja. Alipofika kwenye viazi akasema "Viazi hizi", na kwenye maembe "Maembe hizi". Muuzaji alimtajia bei, akampimia, akapokea pesa yake, na hakumsahihisha hata kidogo. Hapo ndipo penye hatari yenyewe: biashara ilikwenda vizuri, kwa hiyo kosa halikuonekana, na alipofika kwangu wiki kadhaa baadaye "hizi" ilikuwa imekwisha kuzoeleka ulimini mwake kwa kila bidhaa.

Dawa niliyompa haikuwa kufuta sentensi ile, bali kuiandikia ndugu zake chini yake: "Viazi hivi unauzaje?", "Maembe haya unauzaje?", "Mchele huu unauzaje?" Nilimwambia apige mstari chini ya kila kinachobadilika, yaani jina la bidhaa pamoja na kionyeshi chake, na aache "unauzaje" bila mstari. Alidhani "u-" ya "unauzaje" inafuata mchele, kumbe ni ya muuzaji anayeulizwa, na wakiwa wauzaji wawili itakuwa "mnauzaje". Sentensi moja iliyochambuliwa hivyo ilimfundisha upatanisho wa ngeli kuliko ukurasa aliokuwa ameusoma bila kuwa na nyanya mbele yake.

Jambo la pili linalokwamisha ni kuandika maneno bila kuandika aliyeyasema na aliyeambiwa. Muuza duka akisema "Nikusaidie nini?", mgeni akaihifadhi kama salamu ya dukani, siku moja ataingia dukani na kumuuliza mwenye duka swali hilohilo. "Mambo vipi?" iliyosikika kwa vijana wa kijiweni haifai kwa mzee anayestahili "Shikamoo", na "Marahaba" ni ya anayeamkiwa, si ya anayeamkia. Kwa hiyo kila sentensi iandikwe pamoja na msemaji, msikilizaji na jibu lililofuata. Jibu ninalisisitiza sana, maana anayeuliza bei kwa ufasaha hujibiwa kwa kasi ya wenyeji: "Fungu elfu moja, ukichukua mawili nakupunguzia." Asipokuwa amelisikiliza na kuliandika jibu la namna hiyo, ulimi wake utakuwa umelitangulia sikio lake, naye atabaki akitikisa kichwa.

Mwenzako naye ana hoja, tena nzito, kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendewa. Mwenye "Nitakuletea kesho" daftarini, kama hajui kipi ni "ni-" na kipi ni "-ku-", hawezi kuifikia "Utaniletea" wala "Atatuletea", naye atalazimika kusubiri azisikie moja moja. Ndiyo maana sentensi ikishatumika mara tatu hivi bila kukwama, ninamtaka mwanafunzi aivunje vipande na kugeuza kipande kimoja tu, kisha amwulize mwenyeji, "Wewe ungesemaje?" Swali hilo hutoa zaidi ya "Nimesema sawa?", ambalo watu wengi, kwa ukarimu, hulijibu "Sawa kabisa".

Na ukitaka kumwambia jirani, "Yule fundi niliyekwambia jana hajaja", huenda hutaikuta daftarini, kwa sababu fundi ni wako na jana ni yako. Hiyo utaijenga mwenyewe, ingawa "hajaja" unaweza kuwa umeichukua kwa mtu aliyeisema mlangoni pako.