Ripoti ya pepa la kemia: waliodesa saba, waliosimamishwa tisa

Ripoti ya uchunguzi wa kuvuja kwa pepa la kemia, moku ya kidato cha nne, kwenye shule moja ya sekondari hapa Tanga mjini (jina naliacha, watoto bado wanasoma pale) ilisomwa kwenye kikao cha wazazi na toka siku hiyo watu wamegawanyika, wako wanaosema uongozi umefanya kazi na wako wanaosema watoto wameonewa. Ukiisoma taratibu unakuta ubishi wote unaisha kwenye swali moja la hesabu.

Swali lilitaka gramu za NaOH za kutengeneza myeyusho wa 0.1 M wenye ujazo wa sentimeta za ujazo 250. Moli ni 0.1 mara 0.25, yani 0.025, halafu unazidisha na 40 ambayo ndio masi ya moli moja ya NaOH (23 + 16 + 1), unapata gramu 1.0, basi. Sasa mwalimu alilitoa kwenye pepa la zamani lililokuwa na KOH, ambayo masi yake ni 56, akabadilisha kemikali kwenye swali akasahau kubadilisha jibu kwenye mwongozo wa kusahihishia, likabaki 1.4. Kosa limeonekana asubuhi ya mtihani likarekebishwa, kwahiyo 1.4 ilikuwepo kwenye faili la kwanza tu, lile lililopelekwa kwa flashi steshenari ya Ngamiani kuchapwa. Pepa na majibu kwenye faili moja jamani, hapo sina la kusema.

Watahiniwa walikuwa 43, tisa wakajibu 1.4, na walikaa vyumba viwili tofauti kwahiyo habari ya kuangaliziana haipo. Wazazi wanaotetea wanasema wote wamefundishwa na mwalimu mmoja lazima wafanane. Kwenye majibu ya kupata nakubali kabisa, hata darasa zima likipata sawa hiyo sio ushahidi wa kitu chochote. Kwenye kukosa ni habari nyingine, maana kukosa kuna njia nyingi, na hapa hata hiyo tunaivuka kwasababu saba kati ya tisa waliandika vizuri kabisa 0.025, wakaandika mara 40, halafu jibu 1.4. Hiyo hesabu haitoki hata ukiiungiza kwa nazi. Jibu lilikuja kabla ya njia, wao walikuwa wanaipamba tu, na hapo kamati imewapata sawasawa.

Wale wawili waliobaki ndio wananisumbua. Karatasi zao zimeambatanishwa kwenye ripoti hiyohiyo na zinaonyesha waliandika mara 56, yani wamechanganya sodiamu na potasiamu, wakazidisha, wakapata 1.4 kihalali kabisa. Na swali lile la zamani la KOH darasa zima lilifanya kwenye marudio! Mtu aliyekariri 56 toka kwenye daftari anakosa swali, anapoteza maksi zake, lakini hajaiba chochote. Kamati imeangalia mstari wa mwisho tu ikawaweka kapu moja na wenzao.

Tukija kwenye hatua, kufuta pepa na wote 43 warudie naunga mkono hata kama waliosoma kwa jasho wanalalamika, maana pepa likishavuja hujui nani mwingine aliliona akawa mjanja wa kutokariri jibu, na kurudia hakumhukumu mtu. Kuwasimamisha wale tisa wiki tatu ni kitu kingine, mtihani wa Taifa ni Novemba, wiki tatu hizo ni nyingi. Kuna mzazi alisema bora wafundishwe sasa kuliko Baraza la Mitihani kuja kuwafutia matokeo, na kwa wale saba hoja yake ina uzito. Kwa wawili haina.

Mwalimu kapewa barua ya kujieleza kwa uzembe, sawa, faili lilikuwa mikononi mwake. Ila ripoti inaandika "inasadikiwa" majibu yalivujia steshenari na hakuna popote inaposema mtu alikwenda kuuliza pale, wakati hilo faili lilipita pia kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma na simu ya mwalimu mwenyewe. Hao saba nao walihojiwa kwa pamoja, chumba kimoja, mwalimu wa nidhamu kakaa mbele, wa kwanza akasema "tuliokota" na wote wakasema tuliokota. Mngetegemea nini?

Bodi inakaa kabla ya pepa kurudiwa. Wawili wa 56 wafutiwe barua za kusimamishwa na warudi darasani, na wale saba wahojiwe upya mmojammoja, kila mtu aulizwe alipata lini, kwa nani, na ilikuwa karatasi au picha kwenye simu.