Kuhesabu biti kutoka 0 hadi n: jedwali la nusu au hesabu ya moja kwa moja?

“Kama Python ina `i.bit_count()`, kwa nini bado tunafundishwa kujaza jedwali kwa nusu ya namba?”

Swali hili linahusu kazi ya kutafuta, kwa kila namba kutoka 0 hadi n, ina biti ngapi zenye 1, jibu ambalo `i.bit_count()` inalitoa moja kwa moja kwa namba i. Chukua 13, ambayo kwa baineri ni 1101. Ukiigawa kwa mbili na kuacha baki unapata 6, yaani 110. Hiyo ni 13 ileile iliyokatwa tarakimu ya mwisho. Basi idadi ya biti zenye 1 ndani ya 13 ni ile ya 6, ukiongeza 1 kwa sababu tarakimu iliyokatwa ilikuwa 1. Sita inazo mbili, kwa hiyo 13 inazo tatu. Ukienda kwa 12, tarakimu iliyokatwa ni 0, hivyo inabaki na mbili zilezile za 6. Na kwa kuwa nusu ya namba daima iko nyuma yake, ukipanda kutoka 1 kwenda n, jibu unalolihitaji limeshaandikwa:

```python
def hesabu_biti(n):
    f = [0] * (n + 1)
    for i in range(1, n + 1):
        f[i] = f[i >> 1] + (i & 1)
    return f
```

Nguvu ya njia hii ni kwamba kila namba inagharimu hatua moja, iwe na biti tano au thelathini. Anayezifuta biti moja moja kwa `i & (i - 1)` anazunguka mara nyingi kadiri namba ilivyo na biti zenye 1. Kwa namba zinazokaribia milioni moja, hiyo ni wastani wa mizunguko kama kumi kwa kila namba. Tena usomaji wa jedwali ni wa mpangilio mzuri: 12 na 13 zote zinasoma nafasi ya 6, 14 na 15 zinasoma ya 7. Usomaji unatembea mbele kwa nusu ya mwendo wa uandishi, bila kurukaruka kwenye kumbukumbu.

Upande wa pili nao una hoja nzito. `bit_count()` ipo tangu Python 3.10, na kazi yake inafanyika ndani ya msimbo wa C, wakati mstari wetu unaipitisha Python kwenye kusogeza biti, kusoma orodha, kuchuja biti na kujumlisha. Prosesa nyingi za kisasa zina hata amri moja ya kuhesabu biti zote za namba kwa mara moja. Kwa hiyo anayedai kwamba jedwali ndilo lenye kasi zaidi popote pale anadai kisichokuwepo. Na kama unataka jibu la namba moja tu, tuseme bilioni moja, kujaza jedwali zima ili usome nafasi yake ya mwisho ni upotevu mtupu. Namba hiyo ina tarakimu 30 tu za baineri.

Kuna gharama ya kumbukumbu pia, ingawa hii inapunguzika. Orodha ya Python kwa n ya milioni 10 inakula takribani megabaiti 80, kwa kuwa kila nafasi ni kielekezi cha baiti 8. Lakini majibu yenyewe ni madogo mno: hakuna linalozidi 24. Badilisha `[0] * (n + 1)` iwe `bytearray(n + 1)`, na utabaki na megabaiti 10.

Kosa ninaloliogopa zaidi liko kwenye mabano. Ukiandika hivi:

```python
f[i] = f[i >> 1] + i & 1
```

Python inajumlisha kwanza, kisha ndipo inachuja kwa `& 1`. Ukijaribu kwa n = 2 unapata 0, 1, 1, sahihi kabisa, na unaondoka ukiwa umeridhika. Kosa linajitokeza kwenye 3: badala ya 2 unapata 0. Ukiona orodha inayoanza 0, 1, 1, 0, 1, 0, 0, 1 na haina chochote zaidi ya 0 na 1, ujue umepata kitu kingine, yaani kama idadi ya biti zenye 1 ni shufwa au witiri. Jaribu angalau hadi 7, ambako jibu ni 3.

Kwangu mimi, kwenye Python mpya yenye `bit_count()`, mstari mmoja wa `[i.bit_count() for i in range(n + 1)]` unatosha. Jedwali la nusu ninalichagua pale lugha au mashine haina hesabu hiyo tayari, na hasa likiwa dogo la nafasi 256. Ukishalijaza kwa kanuni hii, namba yoyote ya biti 32 unaigawa kuwa baiti nne, unasoma jedwali mara nne na kujumlisha. Hapo n haipandi kamwe kupita 255, na hoja ya kumbukumbu inakwisha.