"Katika ulimwengu wa leo unaokwenda kasi": tuifute au tuiache?

Sentensi hii hufungua makala za afya, za biashara, za malezi, hata barua za kuomba kazi. Msomaji huitambua mara moja kwa sababu ameshaikuta mara nyingi bila kupata chochote ndani yake, kwa hiyo jicho huiruka. Kasoro nyingine haisemwi sana: sentensi yenyewe inatoa dai na kuliacha hewani. Ulimwengu unakwenda kasi kuliko lini, na kwa nani? "Kama tujuavyo sote" ni mbaya zaidi, maana inamtaka msomaji akubali kabla hajaelezwa.

Wanaozitetea funguzi hizi wana hoja. Kwenye hotuba, maneno mepesi ya mwanzo huwapa wasikilizaji nafasi ya kutulia, na hapo nakubaliana nao kabisa. Kwenye maandishi, kichwa cha makala kimeshaifanya kazi hiyo. Wengine husema kwamba sentensi ya mazoea humsaidia mwandishi kuanza. Ni kweli, na hakuna ubaya ikibaki kwenye rasimu.

Chukua makala ya kuwashauri watu wahifadhi nakala za picha zao. Rasimu inaanza hivi: "Katika ulimwengu wa leo unaokwenda kasi, simu zimekuwa sehemu muhimu ya maisha yetu." Ihamishie kwenye makala ya malezi au ya benki, itakaa vizuri tu, na hapo ndipo unapojua kwamba si ya makala yako. Ifute, kisha shuka chini utafute sentensi ya kwanza ambayo haiwezi kuhama. Mara nyingi imejificha kwenye aya ya pili au ya tatu. Hapa huenda ikawa hii: "Picha iliyo kwenye simu pekee hupotea pamoja na simu hiyo ikiibwa." Ipandishe juu. Kisha soma aya inayofuata, kwa sababu viunganishi kama "hivyo basi" vilivyotegemea sentensi iliyofutwa vitakuwa vinaning'inia.

Wengi hukosea hapa. Wakishafuta sentensi ya mazoea, huweka chambo: asilimia isiyo na chanzo, mama wa kubuni aliyepoteza picha za harusi, au swali ambalo makala hailijibu. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza, kwani sentensi tupu humchosha msomaji, lakini hii inamdanganya. Kama huna takwimu, eleza jinsi jambo linavyotokea. Sentensi ya simu iliyoibwa haikuhitaji takwimu yoyote.

Na kama kasi ndiyo mada yenyewe, usiikimbie. Taja kilichoharakishwa na kipimo chake: barua iliyochukua siku kadhaa njiani sasa hufika kwa sekunde chache, na aliyeiandika hutarajia jibu siku hiyohiyo.