Asilimia 90 ya makubaliano haijathibitisha kitu

Wiki iliyopita nilihudhuria wasilisho la mfumo wa kutafuta nyaraka za Kiswahili, na kuna slaidi moja imenikaa moyoni hadi leo. Iliandikwa kwamba waamuzi wawili, yaani watu wanaosoma nyaraka na kuamua kama zinahusika na swali, "walikubaliana kwa asilimia 90", kisha mwasilishaji akaendelea na mengine. Nikanyoosha mkono: kati ya nyaraka walizosoma, ngapi zilikuwa zinahusika na maswali? Akasema kama moja kwa kila kumi.

Basi hapo hapo hoja imeisha. Mtu ambaye hasomi chochote, anayebonyeza "haihusiki" kuanzia waraka wa kwanza mpaka wa mwisho, naye angekubaliana na mwenzake makini kwa asilimia 90.

Nimekasirika kwa sababu kazi hiyo najua inavyochosha. Mimi na wenzangu wawili tulitengeneza mkusanyo mdogo wa majaribio wa majibu ya ugani wa kilimo: nyaraka 1,500, maswali 20. Kusoma kila waraka kwa kila swali ni maamuzi 30,000, hakuna anayeyaweza. Ndiyo maana tunatumia rundo la pamoja, wazo ambalo Spärck Jones na van Rijsbergen walilitoa mwaka 1975 na ambalo TREC, mashindano ya kupima mifumo ya utafutaji, imelitumia tangu 1992. Unaendesha mifumo kadhaa, unachukua nyaraka za juu za kila mmoja, unazichanganya, unaondoa zilizojirudia, na waamuzi wanasoma hizo tu. Sisi tulikuwa na mifumo mitatu na tulichukua 30 za juu kwa kila mmoja. Zilizojirudia zikitoka, zilibaki kama 50 kwa swali, yaani maamuzi 1,000 kwa mwamuzi. Ukitumia dakika moja kwa waraka, hizo ni saa 17 za kukodolea macho maelezo ya mbolea. Na ni lazima rundo lichanganywe ovyo kabla ya kusomwa, kwa sababu mwamuzi akijua waraka ulikuwa wa kwanza kwenye orodha, mkono wake unaenda wenyewe kwenye "inahusika".

Sasa mtu akishatumia saa 17, mpimeni kwa haki. Chukua nyaraka 100 ambazo waamuzi A na B wamezisoma. Wote wamesema 12 zinahusika, wote wamesema 74 hazihusiki, 4 amezikubali A peke yake na 10 amezikubali B peke yake. Makubaliano ni 86 kwa 100, namba ya kupendeza kwenye slaidi. Lakini A alisema "inahusika" mara 16 na B mara 22. Kama wangekuwa wanabahatisha kwa viwango hivyo hivyo, wangekutana kwenye "inahusika" kwa 0.16 × 0.22, na kwenye "haihusiki" kwa 0.84 × 0.78. Jumla yake ni 0.69. Bahati tupu ingewapa 69, wao wamepata 86. Nafasi iliyokuwepo juu ya bahati ni 31 na wamepanda 17. Gawanya 17 kwa 31, unapata kapa ya Cohen: 0.55.

Na usiishie kwenye kapa. Nyaraka zilizokubaliwa na angalau mmoja wao ni 26, na walizokubali wote ni 12, chini ya nusu. Tena angalia tofauti zimeegemea wapi: katika 14 walizopishana, 10 ni B anayekubali na A anayekataa. Huo si uzembe uliotawanyika. B ana tafsiri pana zaidi ya swali, na mtu anapaswa kwenda kumuuliza ni ipi.

Sisi tuliuliza. Swali letu mojawapo lilikuwa "dawa ya funza", maneno matatu, kama mkulima angeyaandika kwenye simu. Kapa ya swali hilo ilikuwa karibu na sifuri. Mwenzetu aliyekulia Kanda ya Ziwa, kwenye pamba, alikubali kila waraka wa funza wa vitumba. Mwenzetu wa Kenya alizikataa zote, akakubali zile chache zilizozungumzia usafi wa sakafu na miguu ya watoto. Tulipokaa nao, akasema kwa mshangao wa kweli: "Dada, huyu anaumwa vidole vya miguu, pamba imeingiaje hapa?" Wote wawili walisoma kwa makini na wote wanajua Kiswahili. Aliyekosea ni mimi niliyeandika swali bila kueleza muulizaji anataka nini. TREC walikuwa na sababu ya kuweka kichwa, maelezo na simulizi kwenye mada zao nyingi. Tuliandika simulizi la mistari miwili kwa kila swali, likisema waraka wa aina gani unahesabika na upi hauhesabiki, tukaamua upya maswali manne yaliyokuwa na kapa ya chini kabisa.

Kapa ya jumla isingetuonyesha hilo. Maswali 19 mazuri yanaficha moja bovu. Ndiyo, kwa swali moja lenye nyaraka 50 kapa inayumba sana, inahama kwa waraka mmoja au miwili. Inatosha kukuambia uende kusoma wapi.

Nitaambiwa kwamba Ellen Voorhees, mtafiti wa TREC, alishaonyesha kuwa waamuzi kutofautiana hakuna madhara. Kwa mada za TREC-4 aliwalinganisha waamuzi watatu, na kwa kila jozi sehemu waliyoafikiana, kwa hesabu kama ile ya 12 kwa 26, ilikuwa chini ya nusu. Hata hivyo mpangilio wa mifumo kutoka bora hadi dhaifu haukubadilika sana alipobadilisha waamuzi. Nakubali, matokeo yale ni imara. Lakini yeye alikuwa na mada karibu 50, na mifumo mingi iliyotofautiana kwa mbali. Mwenye maswali 20 na mifumo miwili inayokaribiana hawezi kujifunika kwa shuka hilo bila kulipima kwanza.

Na kulipima ni rahisi mno, ndiyo maana inaniuma watu wanapokaa, "wanakubaliana", kisha wanafuta maamuzi ya awali. Tunzeni faili la kila mwamuzi. Pimeni kila mfumo kwa kila faili kwa programu ya trec_eval, kama hapa kwa mfumo wa BM25, muone kama mpangilio wa mifumo unabadilika:

```
trec_eval -m map qrels.A bm25.run
trec_eval -m map qrels.B bm25.run
```

Jambo jingine fupi: rundo lenyewe linaweza kuwa na upendeleo. Mfumo unaolinganisha maneno mazima, bila kukata viambishi, hauoni kwamba "walilima" na "analima" ni kitenzi kimoja. Mifumo yote iliyojenga rundo ikiwa ya namna hiyo, atakayekuja kesho na mfumo unaokata viambishi ataleta nyaraka ambazo hakuna aliyezisoma, na zitahesabiwa kuwa hazihusiki. Ondoa nyaraka zilizoletwa na mfumo mmoja peke yake, upime tena mfumo huo. Ukiporomoka, rundo lako ni jembamba.

Kwetu, kwa maamuzi ya A mfumo unaokata viambishi uliongoza. Kwa maamuzi ya B uliongoza ule unaolinganisha maneno kwa vipande vya herufi nne nne. Kwenye ripoti tuliandika kwamba kwa mkusanyo huu hatuwezi kuitofautisha mifumo hiyo miwili, tukaambatisha mafaili yote mawili, na sasa tunaandika maswali mengine 30.