"Kama kaupiga aseme": pale muhtasari unapompa mjumbe maneno ambayo hakuyasema

Katika vikundi vingi vya bodaboda na vikoba vya Dar es Salaam, kikao huendeshwa kwa lugha ya kijiweni, ilhali muhtasari hutakiwa uandikwe kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu utasomwa na watu ambao hawakuwapo. Kikundi cha vijana kikiomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, muhtasari wa kikao kilichoridhia ombi huweza kufika mezani kwa ofisa maendeleo ya jamii, ambaye hana namna ya kujua nani alisema kwa utani na nani alisema kwa dhati. Je, katibu anaruhusiwa kuibadilisha kauli ya mjumbe kwa kiasi gani?

Tuchukue kauli ya kubuni, ya aina inayosikika katika vikao hivyo: "Mwenyekiti, huyu mhazini anatuzingua. Mkwanja wa mwezi jana hatuuoni, kama kaupiga aseme tujue. Mimi naona apewe wiki mbili, akizingua tena tumtoe."

Katibu mwenye haraka ataandika kwamba mjumbe alieleza kuwa mhazini amefuja fedha na akapendekeza aondolewe. Sentensi hiyo ni sanifu, tena inasomeka vizuri, lakini imefuta neno "kama", na kwa kulifuta imegeuza shaka kuwa tuhuma ambayo mjumbe anaweza kutakiwa kuithibitisha. Zile wiki mbili nazo zimepotea. Katibu mwoga, kwa upande wake, ataandika kwamba mjumbe "alieleza kutoridhishwa na utendaji wa mhazini", maneno ya kiofisi yasiyomuudhi mtu yeyote na yasiyoeleza chochote. Kwa maoni yangu huyu wa pili ana madhara zaidi, kwa kuwa kosa lake halionekani: kikao kijacho hakuna atakayepinga sentensi hiyo, na suala la fedha litakuwa limezikwa.

Ndiyo maana wapo wanaotaka maneno ya mjumbe yanukuliwe kama yalivyotoka. Hoja yao ina uzito pale mgogoro unapofika kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi, ambapo kila upande hudai kusema kitu kingine. Hata hivyo muhtasari si kama Taarifa Rasmi ya Bunge, ile Hansard, inayofuata kauli za wabunge moja baada ya nyingine. Kazi yake ni kubeba hoja, majibu na maazimio. Isitoshe, lugha ya kijiweni hubadilika upesi na hutofautiana baina ya maeneo. "Buku tano" haina utata kwa kijana wa Dar es Salaam, lakini katika kitabu cha kikundi panahitajika Sh 5,000, na "kama laki hivi" iandikwe "takriban Sh 100,000", kwa sababu ukiondoa "takriban" unampa mtu deni ambalo hakulikiri.

Kauli yetu ya mfano inaweza kusanifishwa bila hasara, ila si na katibu aliyekaa peke yake usiku na daftari. "Hatuuoni" inaweza kumaanisha kwamba fedha hazimo benki, au kwamba mhazini hajatoa taarifa. "Tumtoe" inaweza kuwa kumvua uhazini, au kumfukuza uanachama, na katiba za vikundi kwa kawaida huyatenganisha mambo hayo mawili. Ni mjumbe pekee anayejua alikusudia lipi, na hapo katibu hana budi kumuuliza papo hapo. Akijibu kwamba alizungumzia taarifa na cheo, muhtasari utasema: "Mjumbe alilalamika kuwa mhazini hajawasilisha taarifa ya michango ya mwezi uliopita, akamtaka aeleze iwapo fedha hizo zimetumiwa isivyo halali. Alipendekeza mhazini apewe wiki mbili kuwasilisha taarifa hiyo, na akishindwa avuliwe wadhifa wake." Ukali wa mjumbe umepungua kidogo, nakubali, lakini shaka imebaki shaka, sharti limebaki sharti, na muda umebaki.

Jibu la mhazini lina mtego wake. Akisema "poa, nitacheki", makatibu wengi huandika kwamba "aliahidi kuwasilisha taarifa", kumbe hakuahidi lolote. Iandikwe kwamba alijibu kuwa ataliangalia suala hilo na hakutaja tarehe. Vivyo hivyo, wajumbe wakiitikia "fresh, fresh" mwishoni mwa mjadala, hilo halitoshi kuandikwa "wajumbe wote waliafiki", maana wengine huitikia ili kikao kiishe warudi kazini. Mwenyekiti aliulize azimio kwa maneno yale yale yatakayoandikwa, katibu alisome kwa sauti, wanaoliunga mkono wanyooshe mikono, na idadi yao iingie kitabuni kabla kikao hakijafungwa.